Fundi wa tovuti kanikatia bibi harusi kichwa, halafu anasema picha yangu mbovu!

Wakuu, nina hasira. Nashona magauni ya harusi, nimelipa fundi anitengenezee tovuti. Nikampa picha ya simu, bibi harusi kasimama wima, gauni lote linaonekana mpaka mkia. Leo nafungua tovuti, bango la juu linaonyesha kiuno na mikono iliyoshika maua. Kichwa hakuna, pindo hakuna. Nimeuliza, najibiwa "picha yako mbovu, leta nyingine". Bibi harusi keshaondoka na gauni lake, nyingine naitoa wapi?

Mzee wa Pikseli: Pole dada. Picha ina pikseli ngapi, na bango je?

Mleta uzi: Picha 3024 kwa 4032. Bango anasema 1920 kwa 600.

Kijana wa Kodi: Rahisi, mwambie aandike `object-position: top`. Imeisha hiyo.

Mzee wa Pikseli: Haijaisha. Bango hilo upana wake ni mara 3.2 ya kimo. Ukichukua upana wote wa picha, 3024, kimo kinachobaki ni 945 tu kati ya 4032, hata robo haifiki. Asipoelekeza chochote, kivinjari kinachukua katikati, ndiyo maana umeona kiuno. Dada, kichwa kinaanzia wapi kutoka juu?

Mleta uzi: Nimepima, utosi uko kama 600, kidevu 1020. Juu ni dari tupu.

Mzee wa Pikseli: Basi ukiweka `top` unapata dari, macho, halafu kidevu kinakatwa pale 945. Sehemu inayoonekana ianzie 400, iishie 1345. Gawa 400 kwa nafasi ya kusogea, yaani 4032 toa 945, unapata kama asilimia 13:

```css
object-fit: cover;
object-position: 50% 13%;
```

Utapata uso na kifua. Gauni zima halitaingia hivyo, hata afanyeje.

Mama Keki: Mimi nembo yangu ya duara inakatwa kwenye ukurasa wa Facebook, nayo niweke 13?

Kijana wa Kodi: Dada, si fundi aivute tu picha ijae?

Mleta uzi: Aliivuta mwanzo, bibi harusi akawa mpana kama kabati! Na mimi nauza gauni, siuzi uso.

Mzee wa Pikseli: Kwa hiyo asikate. Picha nzima ikae upande wa kulia, kimo 600, upana utakuwa 450. Pikseli 1470 zilizobaki azipake rangi ya ukuta wa kwenye picha, maandishi yakae huko. Kwenye simu bango likiwa 390 kwa 600, picha ijaze yenyewe. Itapoteza 30 tu kila upande.

Kijana wa Kodi: Ukuta wenyewe ukiwa na kivuli, mshono wa rangi utaonekana.

Mzee wa Pikseli: Kweli, hapo itabidi afifishe ukingo. Ukuta ukoje?

Mleta uzi: Una pazia la maua. Na fundi sasa anadai hela nyingine ya "marekebisho". Silipi!