Maziwa ya Sikitu yaanze kuuzwa lini?

*Kikundi cha wafugaji wa kitongoji, Tukuyu. Alhamisi jioni, tarehe 12.*

Mama Tumaini: Shikamooni wakubwa, habari za jioni kwa wengine. Ng'ombe wangu Sikitu aliugua kiwele, chuchu ya nyuma kushoto ilivimba na maziwa yakatoka na mabonge. Daktari amemtibu, leo mabonge hayapo na anakula matete vizuri. Naomba kujua, kesho asubuhi naweza kupeleka maziwa kituoni? Ananipa lita 14 kwa siku na ada ya Tumaini inanisubiri.

Baba Neema: Pole mama. Alianza sindano lini?

Mama Tumaini: Jumatatu jioni tarehe 9.

Baba Neema: Basi umeshamaliza. Dawa hiyo maziwa yake hayauzwi kwa siku tatu. Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Kesho Ijumaa peleka.

Mzee Ambakisye: Marahaba mama. Baba Neema, hizo siku tatu umezihesabu kuanzia sindano ya kwanza. Zinahesabiwa kuanzia sindano ya mwisho, maana kila sindano inaongeza dawa mwilini. Mama Tumaini, usipeleke chochote kwanza. Niandikie kila dawa aliyopata, siku na saa, halafu tazama kwenye chupa na kwenye boksi palipoandikwa maziwa.

Bibi Tupokigwe: Na mimi kuku wangu walipewa dawa ya mafua juzi, mayai nile?

Mzee Ambakisye: Shikamoo Bibi. Ya mayai ni hesabu nyingine, inategemea dawa yenyewe. Mtume mjukuu kesho aniletee pakiti niisome.

Mama Tumaini: Nimeenda kibandani kuangalia. Sindano ya penisilini na streptomaisini: Jumatatu, Jumanne na Jumatano, zote jioni kama saa 12 na nusu. Chupa inasema maziwa siku 3. Halafu kuna tyubu za kuingiza kwenye chuchu. Daktari Jumatatu hakuwa nazo, akaleta Jumanne. Moja Jumanne asubuhi, moja Jumanne jioni, moja Jumatano asubuhi saa 12 na nusu, zote baada ya kukamua. Karatasi ya boksi inasema mwisho ni tyubu tatu, na maziwa ni saa 96 baada ya tyubu ya mwisho.

Mzee Ambakisye: Umeandika vizuri sana, hapo ndipo wengi wanaposhindwa. Sasa twende taratibu. Sindano ya mwisho ni jana Jumatano jioni. Siku 3 ni saa 72, zinaisha Jumamosi tarehe 14 saa 12 na nusu jioni. Tyubu ya mwisho ni jana asubuhi. Saa 96 ni siku 4 kamili, zinaisha Jumapili tarehe 15 saa 12 na nusu asubuhi. Umeona? Tyubu ilitangulia kukoma lakini ndiyo inayochelewa kutoka. Ng'ombe akipewa dawa mbili unafuata ile inayoisha mwisho.

Mama Tumaini: Kwa hiyo Jumapili asubuhi.

Mzee Ambakisye: Unakamua saa ngapi asubuhi?

Mama Tumaini: Saa 11 alfajiri, gari la kituo linapita saa 12.

Mzee Ambakisye: Saa 11 alfajiri ya Jumapili saa 96 bado hazijatimia, bado saa moja na nusu. Mkamuo huo unamwagwa. Wa kwanza kuuzwa ni wa Jumapili jioni.

Baba Neema: Mzee kwa heshima, chuchu iliyougua ni moja tu. Amwage ya chuchu hiyo, zile tatu auze. Lita 14 mara siku zote hizo ni hela nyingi kwa mama anayelea peke yake.

Mzee Ambakisye: Huruma yako naielewa, na hesabu ya hela ni kweli. Ila dawa haikai pale ulipoiweka. Ukiisukuma kwenye chuchu moja, sehemu yake inaingia kwenye damu, na damu inazunguka kiwele chote. Chuchu nyingine zitatoa kidogo, lakini kidogo hicho kinatosha. Kiwango kinachokubalika cha penisilini kwenye maziwa ni mikrogramu 4 tu kwa kilo. Isitoshe amechomwa sindano siku tatu. Hiyo haijui chuchu ipi mgonjwa.

Mama Gwantwa: Mie mwaka jana sikumwaga, nilisema nigandishe mtindi wa nyumbani. Niliyachemsha vizuri kabisa, nikaweka mbegu ya mtindi ileile ninayotumia kila siku. Siku ya pili bado maziwa majimaji, siku ya tatu yakaanza kunuka bila kuganda. Nikadhani mbegu imekufa. Mbegu hiyohiyo nikaiweka kwenye maziwa ya ng'ombe mwingine yakaganda usiku mmoja.

Mzee Ambakisye: Mbegu ya mtindi ni bakteria, Mama Gwantwa, na penisilini kazi yake ni kuua bakteria. Ilifanya kazi yake ndani ya kibuyu chako. Na kuchemsha jikoni hakuiondoi. Moto unaua vijidudu, sehemu kubwa ya dawa inabaki. Kuna watu penisilini inawadhuru, wanavimba midomo au kubanwa pumzi. Hao ukiwapa chai ya maziwa hayo hawajui kilichowapata.

Anyosisye: Habari zenu. Mimi ndiye ninayepokea maziwa kituoni, kwa hiyo niseme kidogo. Mkitaka kujua kwa nini tunakuwa wakali: keni zote zinamiminwa kwenye tangi moja. Keni moja ya ng'ombe aliyetibiwa ikiingia, tangi zima linaweza kukataliwa huko linakokwenda, na siku hiyo hakuna jirani anayelipwa. Ilishatutokea. Ni jambo linaloumiza, watu walikuwa wametembea na maziwa yao kwenye matope tangu alfajiri.

Baba Neema: Si mna kipimo? Apime kesho, kikisema safi auze. Kwa nini asubiri tarehe?

Anyosisye: Kipo. Ni kichupa kidogo chenye kitu kama jeli ya zambarau, ndani kuna bakteria. Tunadondoshea maziwa, tunakiweka kwenye joto la nyuzi 64 kwa muda wa karibu saa tatu. Bakteria wakikua rangi inageuka njano, maana yake hakuna kilichowazuia. Ikibaki zambarau kuna dawa.

Mzee Ambakisye: Na hapo kuna jambo, Anyosisye atanisahihisha nikikosea. Kipimo hicho penisilini kinaishika upesi sana. Streptomaisini kinaiona kwa shida mpaka iwe nyingi. Sindano ya Sikitu inazo zote mbili. Kwa hiyo njano ya kesho haitoshi kumruhusu. Siku zihesabiwe kwanza, kipimo kije juu yake.

Anyosisye: Hapo sina cha kusahihisha. Hata tulipofundishwa walituambia hivyo.

Mama Gwantwa: Sasa mama ayapeleke wapi lita zote hizo? Mie nampa ndama.

Mzee Ambakisye: Wengi wanafanya hivyo. Mimi sipendi. Dawa kidogo kidogo kila siku inawafundisha bakteria wa tumboni mwa ndama kuizoea, halafu siku akiugua kweli dawa ileile haimsaidii. Na kama ni dume la kuchinjwa karibuni, umehamishia tatizo kwenye nyama.

Mama Gwantwa: Ndama wangu wote nimewalea hivyo na wako wazima Mzee. Kumwaga maziwa mbele ya ndama mwenye njaa mie siwezi.

Mzee Ambakisye: Sikulazimishi. Nikiwa na ng'ombe mwingine ningemnyonyesha kwa huyo.

Mama Tumaini: Mimi ndama wa Sikitu ameshaachishwa, nitamwaga kwenye shimo nyuma ya migomba. Basi nimeandika ukutani: Jumapili 15 jioni. Asante sana Mzee, ndaga fijo.

Lusajo: Mama, niko bwenini lakini nimesoma kikundi. Kuna kitu sikukuambia. Jana kabla sijarudi shule, jioni nilimkamua Sikitu wewe ukiwa sokoni. Nikakuta tyubu moja imebaki kwenye boksi, nikadhani ni ya jioni. Nikamwekea. Ilikuwa kama saa 1 usiku. Nisamehe mama.

Mama Tumaini: Lusajo!

Mama Tumaini: Ni kweli, boksi lilikuwa na nne na daktari alisema ya nne itunzwe. Mimi nimeliona tupu leo nikadhani ameichukua mwenyewe.

Mzee Ambakisye: Kijana amefanya vizuri kusema. Msimgombeze, hakuna aliyemwandikia. Ndiyo maana mimi hufunga kitambaa chekundu mguu wa nyuma na kuandika kila dawa kwenye daftari linaloning'inia hapohapo kibandani. Anayekamua jioni si lazima awe yule wa asubuhi.

Baba Neema: Kwa hiyo tunaanza upya? Jana saa 1 usiku, saa 96, ni Jumapili saa 1 usiku. Mkamuo wa Jumapili jioni uko kabla. Basi Jumatatu tarehe 16 asubuhi. Nimepata, Mzee?

Mzee Ambakisye: Hesabu umeipata sawasawa. Ila hesabu hiyo ina kasoro moja. Karatasi imesema tyubu tatu ndiyo mwisho. Saa 96 zilipimwa kwa ng'ombe waliopewa tatu. Sikitu amepewa nne, kwa hiyo karatasi haituahidi chochote tena. Hali ni ileile ukizidisha sindano, au ukichukua dawa ya sindano ukaimimina kwenye chuchu. Jumatatu asubuhi ni tarehe ya karibu kabisa, si tarehe ya uhakika. Anayeweza kuisogeza ni daktari aliyeandika dawa.

Mama Tumaini: Nimempigia, hapatikani. Nitajaribu alfajiri.

Anyosisye: Mama, sampuli yake niletee Jumatatu kwenye kichupa safi, peke yake, usiichanganye na ya ng'ombe mwingine. Nitaipima kabla ya kupokea keni.

*Ijumaa asubuhi, tarehe 13*

Mama Tumaini: Daktari amepokea. Amesema nisiuze mpaka Jumanne tarehe 17 jioni, na kabla ya hapo sampuli ipimwe. Nikamuuliza ameipataje Jumanne, akasema ameongeza siku moja na nusu kwa tahadhari, karatasi haina jibu la tyubu ya nne.

Mzee Ambakisye: Mimi ningengoja hata Jumatano. Chuchu iliyovimba haitoi dawa kwa kasi ya chuchu nzima. Lakini yeye amemwona ng'ombe, mimi sijamwona. Fuata yake.

Baba Neema: Mama Tumaini, mimi ng'ombe wangu wawili wanakamuliwa vizuri. Mpaka Jumanne chukua lita mbili kila asubuhi kwangu, za chai na za Bibi.

Mama Tumaini: Mungu akubariki Baba Neema. Kitambaa nimeshafunga. Mguu wa nyuma kushoto, chekundu. Lusajo ukirudi likizo utakiona.