Wiki ya tatu narekebisha shoti isiyo na kosa, na malipo yangu yamekatwa

Fundi wa Mwanga

Ndugu wanajukwaa, naandika nikiwa Kigoma, mtaa wa Mwanga, na naomba mnivumilie kwa urefu wa maelezo, kwa sababu hasira niliyo nayo haiwezi kueleweka bila mtiririko wa mambo yenyewe.

Tuko watu watano katika kazi ya filamu fupi ya katuni ya sekunde 96, inayomhusu mzee mvuvi wa dagaa na mjukuu wake. Mwongozaji na mhariri wako Dar es Salaam, mhuishaji mmoja yuko Arusha, mwingine Mwanza, nami niko huku. Mafaili yote yanakaa kwenye folda moja ya pamoja mtandaoni, maelekezo ya marekebisho huja kila Jumatatu kwa ujumbe wa sauti, na kila Jumamosi saa nne asubuhi tunakutana kwa simu ya kikundi. Nimepewa shoti ya 9 hadi ya 12.

Wiki tatu zilizopita mwongozaji alituma ujumbe wa sauti wa dakika nne na ushee, na katikati yake akasema: "Dakika moja na sekunde kumi na mbili, mzee anapovuta wavu, mguu wa nyuma unateleza na mkono unachelewa kushuka." Basi. Hakutaja shoti wala fremu. Nikafanya hesabu ambayo mhuishaji yeyote angeifanya: sekunde 72 mara fremu 24 za kila sekunde ni fremu ya 1728, na kwa mujibu wa jedwali tulilogawiwa mwanzoni, shoti ya 11 inaanzia fremu ya 1700 na kuishia 1775. Nikaifungua shoti ya 11, ambamo kweli mzee anavuta wavu akionekana kwa ubavu. Mguu haukuwa unateleza. Hata hivyo, kwa kuwa mkubwa ni mkubwa, niliukaza mguu zaidi, nikausogeza mkono fremu 3 mbele, nikahifadhi `sh11_anim_v06.blend`.

Jumamosi nikaambiwa bado. Nikasogeza tena, ikawa `v07`. Jumamosi iliyofuata nikaambiwa mbele ya wenzangu wote kwamba sisikilizi maelekezo. Sasa niko kwenye `v08`, mzee amekakamaa kama mlingoti wa mtumbwi, na juzi nimearifiwa kuwa sehemu ya malipo yangu imekatwa kwa kuchelewesha kazi. Mwenzetu wa Arusha, mwenye shoti ya 1 hadi ya 4, anasema maelekezo anayopewa yeye yanaangukia mahali pake barabara, kwa hiyo tatizo ni mimi. Nauliza: mtu unafanyaje kazi na watu wasiotaka kukuandikia hata namba ya fremu?

Bando Limeisha

Pole sana, mkuu. Mimi naliona tatizo lako moja kwa moja: ni WhatsApp. Ukituma video kwa njia ya kawaida inabanwa, ubora unashuka, na yule wa Dar anaona miguu inateleza kumbe ni video ndiyo imeharibika. Tuma kama faili la kawaida, si kama video, na utaona malalamiko yote yanakwisha.

Fundi wa Mwanga

Nashukuru kwa ushauri, ila situmi video kabisa. Huku umeme hukatika bila taarifa, na ukikatika wakati kompyuta inatoa video, faili zima huwa halifunguki tena. Kwa hiyo natoa picha moja moja, fremu kwa fremu, na umeme ukirudi naendelea pale nilipoishia. Picha hizo naziweka kwenye folda ya pamoja, na mhariri anaziunganisha huko Dar. Wenzangu wa Arusha na Mwanza nao tulikubaliana wafanye hivyo hivyo ili kazi ifanane.

Mama Wawili Tabora

Mimi niko Tabora na yamenikuta mabaya kuliko hayo, kwa hiyo usijione uko peke yako. Mwaka jana tulikuwa wawili tukichora tangazo la afya, tukalifungua faili moja siku moja bila kuambizana. Mimi nilikuwa nachora uso, mwenzangu mandhari. Nilipohifadhi, folda ikatengeneza nakala ya pili yenye jina refu la ajabu, mwenzangu akadhani ni takataka, akaifuta. Kazi ya siku mbili ikapotea hivyo. Tangu siku hiyo kila anayefungua faili huandika kwanza kwenye kikundi "nimelishika", na akimaliza huandika "nimeliachia". Hakikisheni nanyi mnafanya hivyo.

Mlinda Fremu

Dada, hilo la kushika na kuachia faili ni la maana sana, lakini silo linalomsumbua ndugu yetu, kwa sababu shoti zake anazifungua peke yake. Jibu liko katika yale aliyoyasema kwa kupita tu: kwamba anatoa picha moja moja.

Fundi, video hubeba ndani yake kasi yake ya fremu kwa sekunde, lakini folda ya picha haibebi kasi yoyote. Ni rundo la picha zenye namba tu. Mhariri anapoziingiza, programu yake huzisoma kwa kasi iliyowekwa kwenye mipangilio yake yeye, na mhariri aliyezoea kazi za televisheni za kwetu mara nyingi huwa ameweka 25. Wewe umehuisha kwa 24, ambayo ndiyo programu yako ya Blender huja nayo. Hapo hakuna fremu inayopotea wala kuongezwa. Filamu inakimbia kidogo tu, kiasi ambacho jicho halikitambui.

Sasa rudia hesabu yako. Mwongozaji aliposema sekunde ya 72, kwake hiyo ni 72 mara 25, yaani fremu ya 1800. Kwako ulikwenda 1728. Mmepishana fremu 72, sekunde 3 nzima, na kwa jedwali lako fremu ya 1800 haimo kwenye shoti ya 11 kabisa. Hii pia inaeleza kwa nini mwenzako wa Arusha hana malalamiko: mnapishana fremu 1 kwa kila sekunde inayopita, kwa hiyo kwenye sekunde ya 5 yeye anakosea kwa fremu 5, na kosa la mguu unaoteleza analiona hata hivyo kwa kuwa liko jirani. Wewe uko mwishoni mwa filamu, ambako pengo limekwisha kuwa kubwa kuliko nusu ya shoti.

Usiniamini kwa maneno. Omba ile video iliyounganishwa, uangalie urefu wake. Fremu 2304 zikisomwa kwa 25 hutoa sekunde 92 na kidogo, si 96. Na kama muziki ulikatwa kwa sekunde 96, utausikia ukiendelea baada ya picha kwisha.

Fundi wa Mwanga

Nimeiomba video hiyo, ambayo hatukuwahi kutumiwa kwa madai ya kutumalizia bando. Urefu wake ni dakika 1 na sekunde 32. Na sasa nakumbuka jambo linalozidi kunitia uchungu: Jumamosi ya kwanza kabisa mwongozaji alisema muziki umezidi kwa karibu sekunde 4, na mhariri akajibu kwamba ataukata mwishoni. Tulikuwa watano kwenye simu hiyo na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Nimefungua shoti ya 12, inayoanzia fremu ya 1776, nikaenda fremu yake ya 25. Mzee anavuta wavu akitazamana nasi, na mguu wa nyuma unateleza kweli, tena vibaya. Mwongozaji alikuwa sahihi tangu siku ya kwanza. Nami nimeiharibu shoti nzuri kwa wiki tatu.

Kiti cha Mwongozaji

Naomba nimtetee mwenzangu kidogo, kwa kuwa nami huongoza kazi za namna hii. Mwongozaji anatazama kwenye simu, ndani ya daladala pengine, na kwenye simu anachokiona ni dakika na sekunde. Fremu ataitoa wapi? Mnamlaumu kwa kutokuandika kitu ambacho hakionekani mbele yake.

Mlinda Fremu

Ni kweli, na ndiyo maana namba hiyo inapaswa kuchapwa juu ya picha yenyewe kabla haijaondoka Kigoma. Kwenye Blender nenda `Output Properties`, sehemu ya `Metadata`, uwashe `Burn Into Image`, uache alama kwenye `Frame` na `Filename` tu. Mengine yatajaza skrini bure. Kila picha itatoka na namba ya fremu na jina la faili pembeni, na jina likiwa `sh12_anim_v03`, mwongozaji atasoma shoti, toleo na fremu hata akiwa daladalani. Hata mhariri akikosea kasi, namba iliyochapwa haibadiliki. Usisahau tu kuizima unapotoa picha za mwisho. Nimewahi kuona tangazo lililofika kwa mteja likiwa na namba hizo.

Maelekezo nayo yaandikwe kwenye jedwali moja ndani ya folda ya pamoja, mstari mmoja kwa kosa moja: shoti, toleo, fremu, kinachoonekana. Ujumbe wa sauti ni mzuri kwa kueleza hisia ya mzee, lakini huwezi kutafuta ndani yake neno ulilosahau.

Bando Limeisha

Kwa hiyo si rahisi zaidi kila mtu abadilishe Blender yake iwe 25 na mambo yaishe?

Mlinda Fremu

Si rahisi hata kidogo, kwa sababu fremu zilizokwisha kuchorwa hazibadiliki kwa kubadilisha namba hiyo. Mienendo yote itakimbia, na midomo iliyopangwa kwa sauti ya sekunde 96 itaiacha sauti nyuma. Kwa kazi hii mhariri ndiye arudi 24. Kwa kazi mpya ya televisheni, hapo sawa, anzeni na 25.

Kiti cha Mwongozaji

Hapo sikubaliani. Kama mwongozaji amekwisha kuidhinisha shoti nane akizitazama kwa 25, basi mwendo alioupenda ni huo wa 25. Mkimrudishia 24 ataona filamu imezubaa, na mtaanza upya.

Fundi wa Mwanga

Hilo sikulifikiria, nami nitaliuliza Jumamosi kabla ya mtu yeyote kugusa chochote. Kwa bahati `sh11_anim_v05.blend` bado ninayo kwenye flashi, nimeirudisha kwenye folda na kuandika kwenye kikundi kwamba ndiyo sahihi. Mhariri amekiri kwamba mipangilio yake ilikuwa 25. Kuhusu fedha zangu, nimejibiwa kwamba makato yanabaki, kwa hoja kwamba nilipaswa kuuliza mapema kama shoti ninayoirekebisha ndiyo yenyewe. Mkataba wangu ni mazungumzo ya simu tu. Kama kuna aliyewahi kudai marekebisho yaliyotokana na kosa la upande wa pili, naomba aniambie alianzia wapi.

Mama Wawili Tabora

Mimi nilidai, kaka, kwa ile kazi ya siku mbili. Nililipwa nusu, baada ya miezi mitano. Hifadhi ule ujumbe wa sauti na picha za skrini za hiyo video ya sekunde 92 kabla hazijafutwa.