Tupeane uzoefu: mgeni anaondoka, bili ya minibaa inazua mzozo

Zamu ya Usiku
Wana hoteli wa Dar, kuanzia Posta mpaka Masaki, naomba tupeane uzoefu. Mgeni anakabidhi ufunguo, mhudumu wa vyumba amekagua minibaa, bili inatoka, halafu mgeni anasema karatasi ya bei aliyoikuta chumbani haikusema hivyo. Mliokutana na hili mlitokaje? Hasa kwa wageni wanaosoma Kifaransa, Kichina au Kiarabu.

Mama Gesti Ubungo
Mimi kwangu friji ni moja ya pamoja pale mapokezi, mgeni analipa ndipo anachukua. Ila siku hizi inagandisha mpaka soda zinapasuka. Nani anajua fundi mzuri?

Zamu ya Usiku
Mama, tunaongelea ile ya chumbani. Fundi nitakutafutia.

Binti Mapokezi
Umenikumbusha usiku ambao sitausahau. Saa kumi alfajiri, baba mmoja kutoka Kinshasa, ndege yake asubuhi, teksi inanguruma nje. Bili yangu ya minibaa ilikuwa bia mbili kwa 9,000 kila moja, korosho pakiti moja 12,000, maji mawili kwa 3,000 kila moja. Jumla 36,000. Baba akatoa karatasi ya Kifaransa aliyokuja nayo kutoka chumbani, akaiweka kaunta. Pale bia ni dola 3, korosho dola 4, na maji hayana bei kabisa.

Kumbe zilipokuja zile kanuni za mwaka 2025 za kukataza kutaja bei kwa fedha za kigeni humu nchini, ofisi ilichapa upya karatasi ya Kiswahili na ya Kiingereza kwa shilingi, bei zikapandishwa hapohapo. Ya Kifaransa ikabaki vyumbani vilevile na dola zake za zamani. Kuhusu maji, karatasi ya Kiingereza ilikuwa na nyota, na chini kabisa maelezo kwamba chupa mbili za mezani ni za bure na za kwenye friji zinalipiwa. Aliyetafsiri alichukua orodha tu, yale maelezo ya chini akayaacha. Baba wa watu akaona maji hayana bei, akanywa ya mezani, akanywa na ya friji.

Nikakaa naye tukapiga hesabu kwa karatasi yake. Bia mbili dola 6, korosho dola 4, jumla dola 10. Kwa kiwango tulichobandika kaunta siku hiyo, 2,500, ni shilingi 25,000. Tofauti 11,000: bia 3,000, korosho 2,000, maji 6,000. Nikampigia meneja wa zamu, akasema mtoze 25,000, karatasi ni yetu. Nilishukuru kwamba risiti ya EFD nilikuwa sijaitoa, maana ikishatoka na 36,000, kuirekebisha si jambo la mtu wa kaunta usiku. Baba alikuwa ameshaanza kusema tunaiba, na foleni nyuma yake wote wanasikiliza.

Kijana wa Mbezi
Yule angekuwa wa Lubumbashi mngeelewana, wana Kiswahili chao.

Kaka Sinza
Dawa ni moja, wekeni dola kwenye karatasi zote, kila mgeni anaelewa dola.

Binti Mapokezi
Kaka, umesoma nilichoandika? Bei haitajwi kwa dola tena.

Kaka Sinza
Sawa, lakini mgeni wa Ulaya akiona 9,000 anashtuka.

Mkalimani Kariakoo
Kaka Sinza ana nusu ya hoja. Mgeni wa Kifaransa au wa Kireno anatumia koma mahali tunapoweka nukta, kwa hiyo 9,000 kwake inaweza kusomeka tisa kamili. Na alama yetu ya /= haimwambii kitu. Mimi naandika TZS kwenye kila mstari, siyo juu ya ukurasa tu, na naacha nafasi badala ya koma: TZS 9 000.

Kilichonisaidia zaidi ni namba za mistari. Bia ni 1 kwenye Kiswahili, 1 kwenye Kichina, 1 kwenye Kiarabu, na 1 kwenye fomu ya mhudumu anayekagua. Mgeni akibisha, unamwonyesha namba 1 kwenye fomu na namba 1 kwenye karatasi yake, huhitaji kujua lugha yake. Maji ya bure yapewe mstari wake na namba yake, na bei iandikwe TZS 0. Ukiyaficha kwenye maelezo ya chini, tafsiri itayaacha. Kiarabu mkikague baada ya kupangwa kurasa, maana safu zinageuka kulia kwenda kushoto, na nimeshaona ujazo wa chupa ukakaa kwenye safu ya bei.

Mama Lao
Hii ya TZS 0 nimeiiba.

Mzee wa Vyumba
Wanangu, tafsiri nzuri haitoshi kama ukaguzi ni mbovu. Nimefanya vyumba tangu tukiitwa maboi. Siku moja mgeni kafungua kichupa cha wiski, kile cha mililita 50, akakuta chai ya rangi. Aliyetangulia alikunywa wiski, akajaza chai, akabana kifuniko vizuri. Mhudumu alihesabu vichupa, vilikuwa kamili. Yule mgeni alishuka ngazi na kichupa mkononi akipaza sauti ukumbi mzima!

Kijana wa Mbezi
Chai!! Mzee, ikawaje? Alitozwa nani?

Mzee wa Vyumba
Mgeni hakutozwa. Mhudumu alikatwa mshahara.

Dada wa Zamu B
Hapo ndipo ninapochukia. Mhudumu ana vyumba vingi vya kumaliza, anapigiwa simu "kagua haraka mgeni yuko kaunta", halafu chai ya mtu aliyeshaondoka inakuwa deni lake?

Supavaiza
Ndiyo, kwa sababu kazi yake ni kushika kifuniko na kuona kama pete imekatika, si kuhesabu tu.

Dada wa Zamu B
Shika wewe basi, dakika mbili kwa chumba.

Mkalimani Kariakoo
Shikamoo Mzee. Fomu yenu ilikuwa na saa ya ukaguzi?

Mzee wa Vyumba
Marahaba. Tarehe tu. Ndiyo maana wengine walilipa vya wenzao. Mgeni akitoka asubuhi na mwingine akaingia mchana, bila saa huwezi kujua korosho iliondoka na nani. Siku hizi nasisitiza ukaguzi ufanyike kabla chumba hakijarudishwa kuuzwa, saa iandikwe, na anayejaza upya atie sahihi yake. Mgeni akisema "nilikuta hakipo", linganisha saa ya kujaza na saa aliyoingia. Kama ilijazwa kabla hajaingia na sahihi ipo, unazungumza naye kwa heshima ukiwa na karatasi mkononi. Kama haipo, msamehe.

Supavaiza
Mkisamehe kila mtu, minibaa itafungwa.

Binti Mapokezi
Kwa wanaoondoka alfajiri sisi sasa mhudumu anakagua jioni wakati wa kutandika, na mgeni anaachiwa fomu ileile kwa lugha yake ajaze alichotumia usiku.

Supavaiza
Na asipojaza?

Dada wa Zamu B
Wengi wanajaza.

Supavaiza
Kwako labda. Kwetu wanaacha tupu na friji iko nyeupe.