Tupeane uzoefu: Uliwahi kudaiwa kodi ya pango la kiwanja ulichokwisha kuuza? Ulithibitishaje kwa barua?

Mama Gungu (mwanzisha mada)

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Naanza na langu, kisha naomba kila aliyepatwa na jambo hili aeleze lilivyoishia.

Mwezi Machi 2015 mimi na marehemu mume wangu tuliuza kiwanja kilichopimwa, hapa Kigoma, na mwezi Agosti mwaka huohuo uhamisho wa umiliki ukasajiliwa kwa jina la mnunuzi. Tangu siku hiyo sikukanyaga tena pale. Mwaka 2024 mjumbe aliniletea notisi ya madai yenye jina la mume wangu, ikitaka ndani ya siku 14 kodi ya pango la ardhi kuanzia mwaka wa fedha 2015/2016 hadi 2023/2024. Kodi ya kiwanja kile ilikuwa shilingi 12,000 kwa mwaka, kwa hiyo miaka 9 ilifanya shilingi 108,000, na juu yake riba. Fedha hizo si nyingi kama za kesi nyingine ninazozisikia, lakini jina lililodaiwa ni la mtu aliyekwisha kuzikwa, na hilo liliniuma kuliko deni lenyewe.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kwenda kujieleza kwa mdomo. Nilisikilizwa kwa adabu, nikaambiwa watafuatilia, na miezi mitatu baadaye notisi ya pili ikaja. Ndipo nilipoandika barua.

Fundi wa Mwanga

Pole sana, mama. Mimi naona hukuwa na haja ya kuhangaika. Mkataba wa mauziano uliosainiwa mbele ya wakili unatosha kabisa. Ukishauonyesha, wewe si mmiliki tena, na anayedaiwa ni mnunuzi. Mimi nilionyesha mkataba wangu na sikusumbuliwa tena.

Mzee wa Masijala

Ndugu Fundi, umesema kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayowaumiza watu. Nimefanya kazi katika masijala ya ardhi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Mkataba unathibitisha makubaliano yako na mnunuzi, na ukilipishwa unaweza kumdai akurudishie. Kwa Serikali, hata hivyo, mwenye kiwanja kilichosajiliwa ni yule ambaye jina lake limo katika daftari la Msajili wa Hati, na uhamisho haukamiliki mpaka usajiliwe. Kama wewe hukusumbuliwa tena, huenda mnunuzi wako alikamilisha uhamisho, au zamu yako haijafika.

Mama Gungu, kesi yako ni nyingine, tena ni nyepesi. Uhamisho wako umesajiliwa, ila kumbukumbu za kodi hazikufuata daftari. Kabla ya kueleza zaidi, naomba kujua ulichoambatisha.

Mama Gungu

Mzee wangu, shikamoo. Niliambatisha nakala ya hati ya uhamisho yenye muhuri na namba ya usajili, mkataba wa mauziano, stakabadhi ya mwisho ya kodi tuliyolipa sisi, na cheti cha kifo pamoja na barua ya usimamizi wa mirathi, kwa sababu bila hizo mbili mimi sina mamlaka ya kusema lolote kwa niaba ya marehemu. Sehemu kuu ya barua ilisomeka hivi:

> *YAH: MADAI YA KODI YA PANGO LA ARDHI KWA KIWANJA KILICHOHAMISHWA UMILIKI*
>
> *Rejea notisi yako ya madai inayohusu kiwanja kilichotajwa hapo juu. Umiliki wa kiwanja hicho ulihamishwa, na uhamisho ukasajiliwa mwezi Agosti 2015, kama nakala iliyoambatishwa inavyoonyesha. Naomba jina la mlipaji lirekebishwe katika kumbukumbu za kodi, ankara iliyotolewa kwa jina la marehemu ifutwe, na nijibiwe kwa maandishi kwamba marehemu hadaiwi kodi ya kiwanja hiki.*

Nilipeleka nakala mbili. Moja ikabaki kwao, na nyingine nikarudi nayo ikiwa na muhuri wa kupokelewa na tarehe.

Mzee wa Masijala

Marahaba, binti yangu. Barua ni nzuri, hasa ombi la tatu, kwani wengi huomba kufutiwa deni na kusahau kuomba jibu la maandishi.

Kuna hoja moja ambayo ningeiongeza. Uhamisho hausajiliwi kiwanja kikiwa na deni la kodi ya pango. Mwaka wa kodi huanza tarehe 1 Julai, nanyi mlisajili mwezi Agosti. Maana yake kodi ya 2015/2016 ilipaswa kuwa imelipwa kabla ya Msajili kupokea hati zenu. Notisi inayodai mwaka huohuo inajipinga yenyewe. Tafuta stakabadhi yake, pengine anayo mnunuzi, maana ikionekana, afisa ataelewa bila maelezo marefu kwamba tatizo liko katika ankara.

Pili, omba upekuzi rasmi kwa Msajili. Utalipa ada, nawe utapata taarifa inayoonyesha jina la mmiliki wa sasa. Kumbuka pia kwamba zamani hati za Kigoma zilisajiliwa katika ofisi ya kanda kule Tabora, kabla ya ofisi za mikoa kufunguliwa mwaka 2020, kwa hiyo andika namba ya hati kamili kama ilivyo kwenye nakala yako. Namba ya kiwanja peke yake inaweza kumchelewesha mtafutaji.

Dada wa Katubuka

Na mimi nakatwa shilingi 1,500 kila mwezi ninaponunua umeme, ilhali nyumba ni ya mwenye nyumba wangu. Je, niandike barua kama hiyo?

Mzee wa Masijala

Hapana, dada. Hiyo ni kodi ya jengo, inayokatwa kupitia mita ya umeme tangu mwaka 2021, na hapa tunazungumzia kodi ya pango la ardhi. Zungumza na mwenye nyumba akurejeshee au akupunguzie kwenye pango lako.

Mwana wa Ujiji

Mimi nilichagua kulipa ili niishi kwa amani, na ninajuta. Nililipia miaka yote, jina langu likabaki palepale, na Julai iliyofuata deni jipya likazaliwa. Shida yangu ni kwamba mnunuzi hakuwahi kusajili. Tuliandikiana mbele ya mwenyekiti wa mtaa, nikamkabidhi barua ya toleo, naye akamuuzia mtu mwingine kwa karatasi kama ileile, kisha akahamia Uvinza. Barua ya Mama Gungu kwangu haina cha kuambatisha.

Mzee wa Masijala

Ndugu yangu, kwako barua haitafuta deni, kwa sababu kumbukumbu za ofisi ya ardhi bado zinakutaja wewe. Unachohitaji ni uhamisho wenyewe: mtafute aliyepo kwenye kiwanja leo, mpeleke fomu za uhamisho pamoja na stakabadhi ulizolipa, na mfahamu kwamba kutakuwa na uthamini, kodi ya ongezeko la mtaji na ushuru wa stempu. Yeye ndiye mwenye haja kubwa zaidi, kwani bila sahihi yako hapati hati. Ila kama itakubalika uhamishe moja kwa moja kwake, au lazima yule wa Uvinza apitiwe kwanza, hilo sitalisemea. Mwone wakili ukiwa na karatasi zote mbili mkononi.

Mwana wa Ujiji

Aliyepo pale anasema kodi ya ongezeko la mtaji ni mzigo wa muuzaji. Muuzaji ni mimi au ni yule wa Uvinza?

Fundi wa Mwanga

Nimesoma yote haya, na nimetoa mkataba wangu sandukuni. Nilidhani nina nakala ya uhamisho, kumbe sina. Kesho naenda kuomba upekuzi.

Mama Gungu

Barua yangu ilijibiwa baada ya wiki sita, baada ya mimi kurudi mara mbili na nakala yenye muhuri. Jibu linasema jina limerekebishwa na mmiliki wa sasa ataandikiwa. Mnunuzi nilimpata, na stakabadhi ya 2015/2016 alikuwa nayo kweli, kama Mzee alivyosema. Nimeomba nakala yake, nami nimeiweka pamoja na cheti cha kifo.