Msaada wakuu: WACC yangu imetoka 10.8% wakati hatifungani ya serikali inalipa 10.5%. Nimekosea wapi?

Neema_Sinza

Habari za jioni wakuu. Nasoma shahada ya uhasibu hapa Dar, mwaka wa tatu, na nina asaimenti ya fedha za kampuni ya kukabidhi Jumatatu. Tumepewa kampuni ya kubuni inayotengeneza vifaa vya ujenzi, imeorodheshwa DSE, tukadirie wastani wa gharama ya mtaji wake. Nimekwama nikiwa nimeshamaliza, maana jibu ninalo ila silielewi.

Takwimu za zoezi ni hizi. Hisa milioni 60, bei ya sokoni shilingi 2,000. Mtaji wa wanahisa vitabuni ni bilioni 70. Deni ni hatifungani za bilioni 40, kuponi 15% inayolipwa mara moja kwa mwaka, zimebaki miaka 5, na zinauzwa 110.8 kwa kila 100. Hatifungani ya serikali ya miaka 10 inatoa 10.5%. Mwalimu ametupa nyongeza ya hatari ya soko 6% na kodi 30%. Tumepewa pia jedwali la bei za kila siku za hisa hiyo na za faharisi ya soko, mwaka mzima, tutafute beta wenyewe.

Nilichofanya: beta imetoka 0.08, kwa hiyo gharama ya mtaji wa hisa ni 10.5 + 0.08 × 6 = 10.98%. Deni nimechukua 15% nikatoa kodi, 10.5%. Uzito nimetumia mizania, 70 kwa 40. Jumla 10.8%.

Mwenzangu niliyemwonyesha kacheka tu, akasema kampuni ya saruji na nondo inakuwaje salama kama serikali. Nawasilisha.

Kijana wa Posta

Dada, tatizo lako ni moja tu, umesahau hatari ya nchi. Wewe uko Tanzania. Ongeza 3% au 4% kwenye gharama ya hisa na utaona inakaa sawa. Hizo fomula zimetungwa kwa masoko ya wenzetu.

Bwana Nondo

Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi Tegeta, benki wananikata 18%. Hela yangu nyingine ni ya mfukoni, hailipi riba yoyote. Sasa hiyo wastani mbona kwangu inashuka kila ninavyoweka hela yangu mwenyewe? Hao wasomi wanasema mtaji wa mwenyewe ni ghali kuliko wa benki, ghali kivipi?

Mkokotoaji

Neema, nimefanya kazi kwa dalali wa hisa miaka kadhaa na jibu la namna yako nimeliona mara nyingi. Makosa yako ni matatu, ila moja ndilo lililobeba mzigo.

Anza na dalili. Gharama yako ya hisa ni 10.98%. Wenye hatifungani za kampuni hiyohiyo wanataka ngapi leo? Sio 15%. Kama karatasi inayolipa kuponi 15 inauzwa 110.8, mnunuzi wa leo anapata kidogo kuliko hiyo. Weka hivi kwenye Excel:

```
=RATE(5,15,-110.8,100)
```

Inakupa 12%. Sasa tazama: mkopeshaji anayelipwa kwanza anadai 12%, na mwanahisa anayelipwa mwisho, baada ya kila mtu kuchukua chake, eti karidhika na 10.98%. Haiwezekani. Ukiona gharama ya hisa iko chini ya riba ya deni kabla ya kodi, usiendelee na hesabu. Rudi kwenye beta.

Ifungue safu yako ya mabadiliko ya bei kila siku, uhesabu siku ambazo bei haikusogea kabisa:

```
=COUNTIF(C2:C250,0)
```

Rudi na namba.

Mama Kuponi

Hilo la kuponi ndugu yangu kaliweka vizuri, niongeze kidogo. Mimi nilinunua za serikali za miaka 20 zile zenye kuponi ya 15.49%. Kuponi naendelea kupokea ileile, ila dalali wangu alinieleza kwamba nikiuza sasa napata zaidi ya 100, na atakayenunua hatapata 15.49 kwa hela yake. Kuponi ni ahadi ya siku ile. Bei ndiyo inayosema leo watu wanataka nini. Kampuni ikitaka kukopa leo inalipa ya leo.

Neema_Sinza

Asante Mama. Mkokotoaji, kati ya mapato 249 sifuri ni 168!! Sikuwahi kuangalia.

Mkokotoaji

Basi tumempata mchawi. Siku 168 hisa hiyo haikuuzwa, au iliuzwa kwa bei ileile ya jana. Soko lenyewe siku hizo lilikuwa linapanda na kushuka, hisa yako imekaa tu. Beta inapima hisa inavyoyumba pamoja na soko, sasa hisa isiyouzwa haiyumbi na chochote. Habari ya Jumatatu inaingia kwenye bei yake Alhamisi ya wiki ya pili, pale mtu mmoja atakapoamua kuuza. Kwa hiyo 0.08 haisemi kampuni ni salama, inasema hisa imelala. DSE ina hisa za namna hii si haba, na ukitumia bei za kila siku utaangukia hapohapo.

Njia ya kwanza ni kurefusha kipindi: bei za mwisho wa mwezi kwa miaka 5, ili ucheleweshaji upungue. Angalia pia faharisi gani umepewa. DSEI inabeba hata kampuni za Kenya zilizoorodheshwa hapa pia, TSI ni za ndani tu. Kwa kampuni inayouza Tanzania pekee, mimi ningeanza na TSI.

Neema_Sinza

Ni TSI. Na kumbe karatasi ya pili ya lile faili ina bei za miezi 60, nilidhani ni ya mapambo. Nimefanya, beta 0.62. Kosa sanifu 0.35.

Mkokotoaji

Afadhali, ila soma hilo kosa sanifu. Ukichukua mara mbili yake kila upande, beta ya kweli inaweza kuwa popote kati ya -0.08 na 1.32. Hiyo ni sawa na kuambiwa mtu anaishi kati ya Kibaha na Mbagala. Mimi nisingeitegemea peke yake.

Njia ninayoiamini zaidi: chukua kampuni tatu au nne za biashara ileile zilizo kwenye masoko yenye mauzo ya kutosha, uvue madeni yao kwenye beta, upate wastani, kisha uvishe deni la kampuni yako. Mwalimu kawapa kampuni za kulinganisha?

Neema_Sinza

Ndiyo, tatu, kiambatisho B. Ya kwanza beta 1.10, deni kwa mtaji 0.5, kodi 30%. Nimegawanya 1.10 kwa 1 + 0.7 × 0.5, yaani 1.35, nikapata 0.81. Wastani wa zote tatu 0.85.

Mkokotoaji

Vizuri. Sasa vaa deni lako, kwa thamani ya soko. Mizania inakuambia wanahisa waliweka nini zamani na faida gani ilibakizwa. Haisemi mtaji huo unathaminiwaje leo. Hisa ni milioni 60 mara 2,000, bilioni 120. Deni ni 40 × 1.108, bilioni 44.3. Deni kwa mtaji 0.369.

```
beta = 0.85 × (1 + 0.7 × 0.369) = 1.07
hisa = 10.5 + 1.07 × 6 = 16.9%
deni = 12 × 0.7 = 8.4%
WACC = 0.73 × 16.9 + 0.27 × 8.4 = 14.6%
```

Kutoka 10.8 hadi 14.6. Mradi unaolipa 12% kwa hesabu yako ya kwanza ungepita, na ungekula hela ya wanahisa kila mwaka bila mtu kushtuka.

Kijana wa Posta

Na hatari ya nchi mmeiacha vilevile. 16.9 + 3 ni karibu 20.

Mkokotoaji

Kijana, hoja yako si ya kutupa, ila umeiweka mahali ambapo inahesabiwa mara mbili. Kwa nini serikali yetu inalipa 10.5% kwa shilingi? Ndani yake kuna mfumuko wa bei unaotarajiwa, na kuna fidia ya hatari ya serikali yenyewe. Ukianzia na 10.5 umeshalipia sehemu ya nchi. Ukitaka kuongeza 3% ya nchi, kwanza toa ile fidia kwenye 10.5, ubaki na kiwango kisicho na hatari kweli.

Kijana wa Posta

Sawa, lakini hapo umekubali kwamba 10.5 haikosi hatari. Na 10.5 hiyo haizidishwi kwa beta. Kampuni inayoyumba na nchi kuliko serikali inapata fidia ileile?

Mkokotoaji

Hapo umenishika kidogo. Ndiyo maana wengine wanaiondoa kule na kuipeleka kwenye nyongeza ya soko, izidishwe kwa beta. Lakini hiyo fidia ni 2% au 4%? Mabishano yako hapo, na kwa asaimenti mwalimu kashatoa 6. Neema aandike sentensi mbili kwamba ameona tatizo, aendelee.

Kijana wa Posta

Basi aachane na beta kabisa atumie gawio. Zoezi halina gawio?

Neema_Sinza

Lipo, shilingi 180 kwa hisa mwaka uliopita, na limekua wastani wa 8% kwa mwaka.

Mkokotoaji

Litumie kama kipimo cha pili. 180 × 1.08 ni 194.4, ugawanye kwa 2,000 upate 9.7%, ongeza 8, inakuja 17.7%. Kwa ukuaji wa 6% inakuwa 15.5%. Hiyo 16.9 yetu imekaa katikati, inatia moyo. Ila 8% milele ni nzuri mno: uchumi wa Tanzania umekuwa ukikua kwa 5% na kidogo, mfumuko wa bei karibu 3%. Unadai gawio likue sawa na uchumi mzima bila kikomo, kwa hiyo ulieleze hilo.

Bwana Nondo, nisikusahau. Hela yako ya mfukoni ukimpa Mama Kuponi akununulie hatifungani, inakuletea zaidi ya 10% ukiwa umelala. Dukani inakabiliwa na wizi, wateja wa mkopo na bei ya nondo kushuka. Ungeridhika na 10%?

Bwana Nondo

Nisingeridhika. Ila benki wakichukua 18% na mimi nataka zaidi ya 18, hilo duka halilipi hivyo. Nimepiga hesabu usiku huu, linalipa kama 15.

Mama Kuponi

Njoo kwa dalali wangu Jumatatu.

Neema_Sinza

Nimeandika upya hadi ukurasa wa nne. Swali dogo la mwisho: kodi ya 30% nimeitoa kwenye deni lote, ila kiambatisho kinasema mwaka huu kampuni ina hasara. Bado naitoa?

Mkokotoaji

Hapana, sio kirahisi hivyo. Isiyo na faida haina kodi ya kupunguza mwaka huu, japo hasara inaweza kubebwa kwenda miaka ya mbele. Je, zoezi linasema hasara ni ya mwaka mmoja au itaendelea?

Neema_Sinza

Halisemi.