Tupeane uzoefu: Mlioambiwa moyo umetanuka kwa pombe, ulirudi baada ya kuacha?

Fundi wa Kibosho

Ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Mimi ni fundi ujenzi hapa Moshi, nina miaka 46, na ninaomba tupeane uzoefu kuhusu jambo ambalo limenibadilishia maisha. Naanza na langu.

Krismasi ya mwaka 2021 tulikunywa nyumbani siku tatu mfululizo, mbege mchana na bia usiku. Usiku wa kuamkia tarehe 27 nilishtuka usingizini moyo ukinipiga kifuani kama kuku aliyefungwa miguu: unakimbia, unasita, unaruka, kisha unakimbia tena. Mke wangu alinishika mshipa wa mkono ajaribu kuhesabu, akashindwa, kwa sababu hakuna pigo lililofuata lingine kwa mpangilio. Kesho yake jioni ulitulia wenyewe, nami nikasema ni uchovu wa sikukuu.

Niliendelea na bia zangu nne hadi sita kila jioni, kama nilivyozoea kwa miaka ipatayo 12. Sikuwa mtu wa kuanguka njiani. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa saiti. Mwanzoni mwa mwaka 2024 nikaanza kuishiwa pumzi nikipandisha ndoo ya zege, kisha soksi zikawa zinaacha alama ya kina miguuni, na mwishowe nikawa silali bila mito mitatu. Zahanati moja ilinitibu nimonia mara mbili. Daktari wa hospitali nyingine ndiye aliyenibonyeza mguu kwa kidole gumba, akaona shimo limebaki, akaagiza eko, kile kipimo cha kupiga picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Moyo ulikuwa umetanuka, na kila ulipojikamua ulitoa asilimia 25 tu ya damu iliyokuwamo, ilhali aliniambia mzima hutoa 55 au zaidi.

Nilianzishiwa dawa za furosemaidi, enalaprili na karvediloli, nikaacha pombe kabisa. Baada ya miezi mitatu eko ilisoma 34, na baada ya mwaka 48. Waliopita njia hii, je, mliendelea kupanda? Na dawa mliruhusiwa kuziacha?

Mama Tumaini, Arusha

Pole sana kaka. Kabla ya kujibu nataka kujua uliachaje, kwa sababu baba watoto wangu nusura afe kwa kuacha. Alikuwa mnywaji wa kila siku, akaambiwa moyo umechoka, akarudi nyumbani akamwaga chupa zote siku hiyohiyo. Jioni mikono ilianza kutetemeka hata akashindwa kushika kikombe cha chai. Siku ya pili akapata degedege, na siku ya tatu alikuwa anafukuza sisimizi ukutani ambao sisi wengine hatukuwaona. Hospitali walimlaza, wakampa diazepamu ya kumtuliza na vitamini B1 kwa sindano kabla hata ya kumwekea dripu ya sukari. Hakuna aliyekuwa ametuonya kwamba anayekunywa kila siku hapaswi kuacha ghafla akiwa peke yake nyumbani, na hilo linaniuma mpaka leo.

Mzee wa Marangu

Wanangu, mbege ni chakula. Ni ndizi na ulezi, na baba yangu aliinywa mpaka akavuka miaka 90. Kinachoua ni hizi pombe kali za viwandani na gongo. Kijana angebaki kwenye mbege asingeumwa.

Muuguzi Mstaafu, Moshi

Shikamoo mzee wangu. Kuhusu gongo uko sahihi, maana hujui kilichomo. Lakini moyo hautofautishi kata na chupa. Unapokea kilevi chenyewe. Bia ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kilevi, kwa hiyo bia nne ni gramu 80, na kiwango hicho kikiendelea kila siku kwa miaka mitano au zaidi ndicho tunachokiona mara nyingi kwa wenye moyo wa namna hii. Mbege haina lebo, kwa hiyo anayeinywa kutwa hajui amefika wapi. Baba yako huenda alijaliwa, kwa sababu si kila mnywaji moyo wake hutanuka. Wengine huzaliwa na udhaifu ambao pombe huufichua.

Fundi, ule usiku wa Krismasi haukuwa uchovu. Mwaka 1978 madaktari wa New Jersey, Marekani, waliandika juu ya watu waliofika hospitalini na mapigo yaliyovurugika baada ya unywaji wa wikiendi na sikukuu, na tangu hapo hali hiyo huitwa moyo wa sikukuu. Vyumba vya juu vya moyo huacha kujikamua na kubaki vinatetemeka. Kwa wengi hutulia ndani ya siku moja, na hapo ndipo watu hudanganyika, kwa maana damu inayotuama ndani ya vyumba hivyo inaweza kuganda, bonge likapanda kichwani na kuleta kiharusi. Mapigo yakivurugika ukiwa na maumivu ya kifua, kizunguzungu cha kuanguka au pumzi fupi, nenda usiku huohuo, wala usisubiri sikukuu iishe.

Kabla ya kuilaumu pombe, hata hivyo, daktari huangalia kwanza presha, tezi ya shingo, virusi vya UKIMWI na mishipa ya moyo yenyewe. Eko peke yake haiwezi kuonyesha kwamba chanzo ni pombe.

Neema wa Sakina

Mimi pia moyo huniungua nikinywa divai, hasa nikilala baada ya kula. Je, na mimi nifanye eko?

Muuguzi Mstaafu, Moshi

Hicho unachokieleza kinafanana na kiungulia, binti yangu, na hutokana na tumbo. Ukiwaka ukiwa unatembea au unapanda ngazi, hilo ni jambo jingine na lisisubiri.

Dereva wa Arusha

Mimi nilitoka 28 nikafika 50, nikajiona mzima. Nikarudi kwenye bia za Ijumaa na Jumamosi, sita sita, na dawa nikaziacha kwa sababu zilikuwa zinanikojoza njiani. Baada ya miezi minane miguu ilivimba, eko ikasoma 31. Siwezi kusema ni bia au ni dawa nilizoziacha.

Fundi wa Kibosho

Mama Tumaini, mimi niliachia wodini, siku sita, nikipewa diazepamu iliyopunguzwa kila siku. Sasa nina jambo la karibu zaidi: mwezi ujao tuna harusi ya mtoto wa kaka, na kata ya mbege itazungushwa kwa wazee. Funda moja litanirudisha?

Muuguzi Mstaafu, Moshi

Hapo wataalamu hawasemi kwa sauti moja. Wapo walioona waliopunguza sana wakipona karibu sawa na walioacha kabisa. Kwa upande wa mapigo, jaribio la Australia lililochapishwa mwaka 2020 lilionyesha kwamba kati ya walioambiwa waache, asilimia 53 mapigo yao yalivurugika tena ndani ya miezi sita, dhidi ya 73 kwa walioendelea kunywa. Mimi ningekuwa na 48 baada ya kutoka 25, nisingeonja.

Dawa usiziache. Uingereza, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, waliwaachisha dawa watu ambao moyo uliotanuka ulikuwa umerudi sawa, na takriban wawili kati ya watano wakaanza kudhoofika tena ndani ya miezi sita. Wengi wao ugonjwa haukutokana na pombe, kwa hiyo siwezi kukuapia kwamba na kwako itakuwa vivyo hivyo. Jambo hilo mwamue na daktari wako, eko ikiwa mkononi.

Fundi wa Kibosho

Asante mama. Nimekwenda kwa baba mkubwa jana jioni nikamweleza. Amesema nitaipokea kata kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, nitaiinua, kisha yeye atainywa kwa niaba yangu. Eko nyingine ni Januari.