Naomba ushauri: huyu muombaji ana CPA, kazi ni ya uhasibu msaidizi

Wakuu habari. Niko Mtwara, nasimamia ajira kwenye ghala la korosho, tulitangaza nafasi ya mhasibu msaidizi, sasa kaomba kaka mmoja ana CPA na alishawahi kuwa mhasibu mkuu huko Dar. Bosi anasema tumpigie simu tu aje intavyuu, mshahara ataujua humo humo. Mi sitaki, mtu apande basi toka Dar kuja kusikia laki sita, si dharau hiyo?

Nimeandika hivi:

"Habari za kazi kaka. Maombi yako tumeyapata, na wasifu wako uko juu ya nafasi hii, bora nikwambie mapema. Mshahara ni 600,000 kabla ya makato, ukitoa NSSF 60,000 na PAYE 24,000 mkononi inabaki 516,000, nyumba hatutoi. Utaripoti kwa mhasibu ambaye uzoefu wake ni mdogo kuliko wako, na kazi ni kuingiza stakabadhi za ghala na kulinganisha kilo za mzani na malipo. Cheo cha juu hakipo kwa sasa. Kama bado unaitaka nijibu kabla ya Ijumaa, ukiona haikufai wala hatutakwazika."

Hapo kwenye mhasibu mwenye uzoefu mdogo niache au nitoe? Naona ndicho kinachowakimbiza wengi, mwezi wa pili tu wa kazi, msimu umechanganya. Na nimuulize kwa nini anataka kushuka, au ataona namhoji?